Supavaiza watatu, fomu moja: upendeleo unauonaje kwenye namba?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma usimamizi wa rasilimali watu, mwaka wa pili. Tumepewa kesi ya supavaiza watatu wa mamlaka ya maji, kila mmoja kawapa alama stafu wake wanne, tunatakiwa tuseme kila supavaiza ana upendeleo gani na njia gani ya tathmini itauondoa. Aina za upendeleo nimezikariri zote ila nikiangalia namba sioni kitu. Na je nikiandika BARS, ile mizani yenye mifano ya tabia kwenye alama, ndo suluhisho, nitakuwa nimekosea?"*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza jedwali lako nalirudisha hapa ili tuwe tunaangalia kitu kimoja. B ni ubora wa kazi, C ni kasi, D ni huduma kwa mteja, E ni kuwahi kazini, na kila mstari ni stafu mmoja:

```
        B  C  D  E
REHEMA
   2    4  5  4  5
   3    5  4  5  5
   4    4  4  5  5
   5    5  5  4  4
JUMA
   2    3  3  3  3
   3    3  3  4  3
   4    3  3  3  2
   5    3  3  3  3
NEEMA
   2    5  5  5  5
   3    2  2  1  2
   4    4  4  4  5
   5    2  2  2  2
```

Kabla hujagusa namba yoyote angalia skeli inaelekea wapi. Kwenye kesi yenu 5 ndo bora, sawa, ila ukija kufanya kazi serikalini ukakutana na mafaili ya zamani ya OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kuwapima watumishi ulioanza 2004 kuchukua nafasi ya ripoti za siri, kule 1 ndo bora kabisa na 5 ndo mbovu kabisa. Sasa hivi watumishi wa umma wamehamishiwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS lakini mafaili bado yapo makabatini, na mtu akichukua alama za miaka hiyo akazichanganya na skeli nyingine bila kugeuza, anamuona supavaiza mkali kumbe ni mkarimu.

Haya, namba. Jedwali la alama linasomwa kwa njia mbili, kushuka chini na kwenda pembeni, na wanafunzi wengi wanasoma njia moja tu, wanatafuta wastani basi wanafunga daftari. Wastani wa Rehema ni 4.56, wa Juma 3.00, wa Neema 3.25. Ukiishia hapo utaandika Rehema mkarimu wa alama, Juma na Neema wako poa. Ndo mtego wa swali huo, kwa sababu Neema ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote na wastani wake ndo umemficha.

Msome Neema kwenda pembeni. Stafu wa kwanza tano tano tano tano, wa mwisho mbili mbili mbili mbili, yaani akishakupenda unakuwa mzuri wa kila kitu mpaka saa ya kufika ofisini, akishakuchoka huna jema. Hiyo ndo halo. Ukitaka kuionesha kwa namba badala ya kusema "inaonekana kama", weka alama za Neema kwenye shiti ya Eksel mistari ya 2 mpaka 5 kama nilivyopanga, halafu andika:

```
=CORREL(B2:B5,C2:C5)
=CORREL(B2:B5,D2:D5)
=CORREL(B2:B5,E2:E5)
```

CORREL inapima safu mbili zinavyokwenda pamoja, 0 hakuna uhusiano, 1 zinaenda sambamba kabisa. Utapata 1, kisha 0.97, kisha 0.96. Maana yake ukijua alama ya ubora wa kazi tu, zile tatu zilizobaki unaweza kuzijaza mwenyewe bila kumsumbua Neema. Fomu ina vipengele vinne lakini kiukweli amejibu swali moja tu, "huyu mtu namuonaje?", akalijibu mara nne. Mwanasaikolojia Edward Thorndike ndiye aliyelipa jambo hili jina la halo mwaka 1920, alikuwa anaangalia alama ambazo maafisa wa jeshi la Marekani waliwapa walio chini yao, akili, umbo, uongozi, tabia, akakuta vipengele vinavutana sana na vinavutana karibu sawasawa, wakati hakuna sababu ya kimsingi umbo la mtu liende sambamba na akili yake kiasi kile.

Ukiweka fomula hiyohiyo kwa Juma utapata `#DIV/0!`, na usidhani Eksel imekufa. Safu yake ya B ni 3, 3, 3, 3, haina tofauti yoyote, na kitu kisichobadilika huwezi kukipimia uhusiano na kingine. Hilo kosa kwenye skrini tayari ni jibu, Juma kang'ang'ania katikati. Kwa Rehema B na C zinakupa sifuri, kwahiyo halo hana, ana alama za juu tu zinazocheza kati ya 4 na 5 bila mpangilio.

Mpaka hapa una majina matatu, ukarimu wa alama, kung'ang'ania katikati, na halo. Ukiyaandika hivyo tu mwalimu wako atakupa nusu ya maksi, na mimi ningefanya hivyohivyo, kwa sababu umekamata watuhumiwa bado hujathibitisha. Inawezekana kabisa stafu wa Rehema ni wazuri kweli. Inawezekana wa Juma wanafanana kweli. Hata Neema, watu wapo ambao wana uwezo kote na wengine hawajiwezi kote. Namba za alama peke yake haziwezi kukuambia, lazima uwe na kitu cha nje ambacho supavaiza hakukigusa kwa mkono wake. Na kesi yenu inacho, kipo ukurasa wa pili ambao naona hukuutaja kabisa: mahudhurio ya mashine ya vidole kwa miezi sita, na idadi ya bili zilizorudishwa na wateja zikarekebishwa.

Anza na Neema maana ni rahisi. Yule wake wa tano tano mashine inasema amechelewa siku 31 ndani ya miezi sita. Yule wa mbili mbili amechelewa siku 3. Kuwahi kazini wa kwanza ana 5, wa pili ana 2. Hapo hakuna mjadala tena, kuwahi ni kitu ambacho hakihitaji maoni ya mtu, mlango umerekodi, na bado alama imekwenda kinyume na mlango. Kama halo imefika mpaka kwenye kipengele kinachoonekana waziwazi namna hiyo, basi kwenye vipengele vyenye ukungu kama huduma kwa mteja usitegemee kuna afadhali.

Juma sasa. Kila stafu wake alishughulikia bili 1,500 na zilizorudi ni 9, 4, 38 na 15 kwa mpangilio wa mistari. Yaani kuna mtu anakosea mara nne na kuna mtu anakosea mara thelathini na nane, na wote ubora wa kazi wana 3. Lakini hebu angalia kitu kimoja kwenye jedwali lake, 4 pekee aliyoitoa kaipeleka kwa yule mwenye makosa 4, na 2 pekee kampa yule wa 38. Kampa kwenye kuwahi, si kwenye ubora. Mimi namsoma hivi: Juma anajua vizuri kabisa nani ni nani, ila hataki kuandika. Siwezi kuapa kwa alama mbili tu, lakini ni dalili ambayo ukiitaja kwenye jibu lako unaonesha umesoma jedwali na hukulipitia kwa macho ya wastani.

Na Rehema ndo mwenye utamu wenyewe. Tawi lake bili zilizorudi ni 24 kati ya 6,000, sawa na 4 kwa kila elfu. Tawi la Juma ni 11 kwa elfu, la Neema 12. Kwahiyo yule mama tuliyemuita mkarimu ana timu nzuri kuliko wenzake kwa mbali, alama za juu alizotoa zina haki yake. Ila usikimbilie kumsafisha, shuka mpaka kwa mtu mmojammoja: makosa ya stafu wake ni 2, 15, 4 na 3. Aliyekosea mara 15 ni wa mstari wa 3, ambaye ubora wa kazi kapewa 5 na jumla ya alama zake ndo kubwa kuliko wote. Aliyekosea mara mbili tu kapewa 4. Halafu ukipiga hesabu, huyo wa 15 ana makosa 10 kwa elfu, bado ni afadhali kidogo kuliko wastani wa matawi yale mengine mawili.

Umeona kilichotokea? Kiwango chake cha jumla kiko sahihi na mpangilio wa ndani umekosewa. Hivi ni vitu viwili tofauti na vinaharibu maamuzi tofauti. Kama mamlaka inataka kujua tawi gani liongezewe bajeti ya motisha, alama za Rehema zinafaa. Kama inataka kujua nani kati ya wanne apelekwe mafunzo ya kuingiza mita kwenye mfumo, alama zake zitampeleka mtu asiyehitaji na kumuacha anayehitaji. Kwahiyo usiandike "alama za Rehema hazifai", andika hazifai kwa kazi ipi.

Tahadhari moja kabla hatujatoka hapa. Hizo namba za bili nazo si msahafu. Kama tawi la Neema liko eneo lenye mita nyingi za zamani, bili zitarudi nyingi hata stafu awe malaika. Unapozitumia kuhukumu ulinganishe watu wa tawi moja wanaofanya kazi inayofanana, na ukilinganisha matawi sema wazi kwamba unadhani mazingira yanafanana.

Sasa njia ya kuondoa. Hapa ndo watu wanapoenda kukariri orodha ya njia za tathmini na faida zake na hasara zake, wanajaza kurasa mbili, na hakuna hata njia moja iliyoungana na Juma wala Neema. Jiulize kwanza kila mmoja amefika vipi pale alipofika, maana hawa watatu hawaumwi ugonjwa mmoja.

Juma nimeshakwambia, anajua na hataki. Kwanini? Soma maelekezo ya fomu kwenye kesi, kuna sentensi inasema alama ya 1, 2 au 5 lazima iambatane na maelezo ya maandishi. Basi. 3 haina maelezo, 4 haina maelezo ila 4 inamfanya mtu aulize mbona mwenzangu. 3 ni bure. Wewe una stafu wanne, mwisho wa mwezi wa sita, ripoti zingine zinakusubiri, utachagua nini? Hapo tatizo limewekwa na aliyetengeneza fomu, na ukimpeleka Juma semina ya siku mbili kuhusu upendeleo atarudi na cheti na tatu zilezile. Badilisha sharti: kila alama iwe na tukio moja lililoandikwa, hata 3, au kusiwe na sharti kabisa. Mimi ningechagua la kwanza.

Rehema yeye anakaa na hao watu kila siku, na kesi inasema alama zinaingia kwenye nyongeza ya mwaka. Longenecker na wenzake mwaka 1987 walichapisha utafiti ambao waliwahoji mameneja 60 wa makampuni ya Marekani kuhusu namna wanavyotoa alama kwa kweli, si kwa nadharia, na wale mameneja wakasema bila kuficha kwamba wanapandisha na kushusha alama kwa makusudi, ili stafu apate nyongeza, ili asigombane na mtu, ili karatasi isibaki na doa la kudumu kwenye faili, hata ili kumsaidia mtu mgumu apandishwe cheo ahamie kwa bosi mwingine. Usahihi haukuwa lengo lao la kwanza. Mara nyingi darasani upendeleo unafundishwa kana kwamba ni macho ya supavaiza hayaoni vizuri, wakati sehemu kubwa ni supavaiza anaona vizuri na anafanya hesabu zake.

Na OPRAS ilikuwa na mlango wake wa ukarimu ambao ni mzuri kuujadili kwenye mtihani: mtumishi anajipa alama kwanza, msimamizi anaweka yake, halafu wanakubaliana ya pamoja. Uwazi ni mzuri, ripoti ya siri ilikuwa inamuumiza mtu bila yeye kujua kosa lake. Ila ukishakaa mezani na mtu ambaye ameshajiandikia alama ya juu kabisa, kila hatua unayomshusha ni ugomvi unaoanza wewe.

Neema ndiye pekee ambaye shida yake iko kwenye kukumbuka na kuamua. Anajaza fomu mwisho wa mwaka kwa kichwa, hana rekodi yoyote, anakumbuka siku mfumo wa malipo ulipogoma foleni ikafika getini na yule stafu wa kwanza akaokoa jahazi. Tukio la kweli, sifa ya kweli, ila limemwagikia kwenye vipengele vyote. Kwake kuna mambo mawili ya bei rahisi. La kwanza ni daftari la matukio, kila wiki anaandika mstari mmoja au miwili kwa kila stafu, tarehe, kilichotokea, alichofanya, hakuna sifa kama "mchapakazi" wala "mvivu". John Flanagan aliielezea mbinu ya matukio muhimu mwaka 1954 baada ya kazi aliyofanya na jeshi la anga la Marekani wakati wa vita, na kiini chake ni hichohicho, andika tabia iliyoonekana, usiandike hukumu. La pili halina gharama kabisa: ajaze fomu kwa kushuka, si kwa kwenda pembeni. Yaani awape wote wanne alama ya kuwahi, afunge, kesho awape wote alama ya kasi. Fomu moja ya mtu mmoja inakulazimisha umuwaze mtu, na ukimuwaza mtu halo imeshaingia.

Sasa BARS yako. Hujakosea kuitaja, utakosea ukiiandika kama dawa ya wote watatu. Ngoja nikuoneshe inavyotengenezwa maana wengi wanaijua kwa jina tu, wanadhani ni fomu yenye maneno mengi. Ilianza na Patricia Smith na Lorne Kendall mwaka 1963, walikuwa wanatengeneza skeli za kuwapima wauguzi, na walichofanya ni kuwarudishia kazi wauguzi wakuu wenyewe, wale ambao ndo wangetumia fomu.

Kwa mamlaka yenu ya maji ingekuwa hivi. Unakusanya supavaiza na stafu wazoefu, kundi la kwanza, wanataja vipengele vya kazi na matukio halisi ya kazi nzuri, ya kawaida na mbovu. Tuseme kipengele ni huduma kwa mteja na tukio ni mteja kaja na bili ambayo imepanda mara tatu kuliko mwezi uliopita. Wanakupa mifano mingi, unaisafisha. Kisha unakwenda kwa kundi la pili ambalo halijui mfano upi ulitoka kipengele kipi, unawachanganyia yote, unawaambia kila mfano warudishe kwenye kipengele wanachoona ndo chake. Mfano ambao watu wamegawanyika, nusu wanasema huduma kwa mteja, nusu wanasema ubora wa kazi, unautupa. Kiwango cha makubaliano kinachotumika kinatofautiana, mara nyingi kiko kati ya asilimia 50 na 80. Hatua hiyo ya kurudisha ndo roho ya BARS, bila hiyo una fomu ya kawaida iliyovaa suti. Baadae iliyobaki inapewa alama na watu hao, unachukua ile ambayo alama zake hazijatawanyika sana, na wastani wake ndo unaamua ikae wapi kwenye skeli.

Mwisho unapata kitu kama hiki kwa huyo mteja wa bili mara tatu. Kwenye 5: stafu anategemewa kufungua historia ya usomaji wa mita, kumuuliza mteja kama kuna bomba linavuja, na kumpangia tarehe ya mita kusomwa upya akamuandikia. Kwenye 3: anategemewa kupokea lalamiko na kumpa namba ya kumbukumbu bila maelezo zaidi. Kwenye 1: anategemewa kumwambia alipe kwanza ndipo alalamike. Ukimuuliza supavaiza stafu wako yuko karibu na upi, ni vigumu kusema "wote wazuri".

Hapo utaona BARS inamsaidia nani. Inamsaidia Neema kwa kiasi, kwa kuwa inampa kitu tofauti cha kuangalia kwenye kila kipengele. Juma na Rehema haiwagusi sana, anayetaka kutoa 3 ataitafuta 3 ilipo. Na gharama yake si ndogo, kila kada inataka skeli yake, fundi bomba huwezi kumpima kwa mifano ya dirishani, na mfumo wa bili ukibadilika mifano yote inazeeka. Tafiti za kulinganisha fomu kwa fomu zilifanyika nyingi mpaka Landy na Farr mwaka 1980 walipozipitia wakashauri watafiti wasimame kwanza kuhangaika na umbo la fomu, maana tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo kulinganisha na nguvu iliyotumika. Na utafiti wa Scullen, Mount na Goff wa mwaka 2000 ukakuta zaidi ya nusu ya tofauti za alama inatokana na mtoa alama mwenyewe, namna yake ya pekee ya kuona watu, si utendaji wa anayepimwa. Ukisoma matokeo hayo ndo unaelewa kwanini kubadilisha karatasi bila kumgusa anayeijaza hakufiki mbali.

Kuna njia moja wenzako lazima wataiandika, mgao wa lazima, asilimia kadhaa lazima wawe juu na kadhaa lazima wawe chini. Kampuni ya General Electric ya Marekani enzi za bosi wao Jack Welch walijulikana kwa asilimia 20 juu, 70 katikati na 10 chini. Kweli inamaliza ukarimu na inamaliza kung'ang'ania katikati, kwa nguvu. Ila piga hesabu kwa kesi yenu: asilimia 10 ya watu wanne ni sehemu ya mtu, 0.4. Ukiizungusha kuwa mtu mmoja umeshawahukumu asilimia 25 ya tawi. Na kwa Rehema huyo mmoja wa chini atakuwa na makosa machache kuliko mtu wa kawaida wa matawi mengine, huku kwa Juma kuna mtu atapewa nafasi ya katikati akiwa amekosea kumzidi. Halo nayo haiguswi kabisa, Neema atampeleka kipenzi chake kwenye 20 za juu bila jasho. Microsoft walikuwa na mfumo wa namna hii wakauacha Novemba 2013.

Mafunzo ya watoa alama pia utayataja, lakini sema ya aina gani. Yale ya kuwaambia supavaiza "hii ndo halo, huu ndo ukarimu, viepukeni" yanafanya alama zibadilike sura tu, mtu anajifunza kutawanya namba. Bernardin na Pence mwaka 1980 walikuta makosa yanapungua na usahihi nao unapungua, kwa kuwa aliyefundishwa asitoe alama zinazofanana atazitofautisha hata kwa mtu ambaye kweli yuko sawa kote. Yanayofanya kazi vizuri zaidi ni yale ya kuwapa kipimo kimoja cha pamoja: mnaangalia tukio lilelile, kila mtu anatoa alama kimya, mnafunua, mnajadili kwanini wewe 4 mimi 2, mnalinganisha na alama ya wataalamu, mnarudia na tukio lingine.

Kwahiyo sehemu ya mwisho ya jibu lako ningeipanga kwa watu. Juma, badilisha sharti la fomu, kila alama iwe na tukio moja lililoandikwa, hata 3. Neema, daftari la matukio na kujaza kwa kushuka, na kipengele cha kuwahi kitolewe kabisa kwenye fomu kichukuliwe kutoka kwenye mashine, hakuna sababu ya binadamu kukadiria kitu ambacho tayari kimehesabiwa. Rehema, tenganisha kikao cha kumuelekeza stafu na kikao cha nyongeza, halafu mwambie awapange wanne wake kwa kila kipengele kabla ya kuwapa alama. Mizani yenye mifano ya tabia tumia kwenye huduma kwa mteja peke yake, ndo kipengele pekee kisichokuwa na rekodi ya mfumo.

Kisha ongeza kikao kimoja cha supavaiza wote watatu kulinganisha alama kabla hazijapelekwa utumishi, kila mmoja aje na daftari lake na namba za bili mezani. Afisa utumishi aanze na supavaiza mgeni kuliko wote, mwenye cheo aongee mwisho, la sivyo kikao kinageuka kuwa cha kukubali alama za bosi mwenye sauti. Alama itakayobadilishwa iandikwe ya kwanza, ya pili, na tukio lililosababisha ibadilike.